Kabla hujanunua pedi ya pili

Mwaka juzi nilinunua pedi ya pili ili nicheze na mdogo wangu, pamoja na gemu ambayo maelezo yake yalisema ni ya wachezaji wengi. Tulipoiwasha tukagundua kwamba wengi hao ni wa mtandaoni tu, naye akabaki ameshika pedi huku mimi nikipekua menyu nikitafuta kitu kisichokuwemo.

Sisi tuliokulia kwenye Nintendo 64, yenye matundu manne ya pedi, tulizoea GoldenEye 007 ya mwaka 1997, ambapo watu wanne waligawana televisheni moja na kila mmoja akachungulia robo ya mwenzake. Picha ilikuwa nzito na ilikwamakwama, lakini hakuna aliyelalamika. Uwanja wa mapambano ulikuwa mdogo, ukapakiwa wote kwa mara moja, kwa hiyo kuongeza mchezaji hakukuhitaji kupakia uwanja mwingine.

Wengi hudhani kwamba kuchora nusu mbili za kioo ni sawa na kuchora kioo kizima. Kwa idadi ya nukta ni kweli, ila kila mchezaji ana mtazamo wake, na mashine hulazimika kukokotoa upya vitu na vivuli anavyoviona. Katika gemu za dunia pana, ambazo hupakia kipande kilicho karibu na mchezaji peke yake, wachezaji wawili wakiachana, mmoja mjini na mwingine porini, vipande viwili vinatakiwa kukaa kwenye memori kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo Baldur's Gate 3 ilipokwama mwaka 2023. Xbox Series X ina memori ya GB 16, na Series S ina GB 10. Gemu ilipotoka kwenye mashine hizo mwezi Desemba, Series S ilikosa kioo cha kugawana, na ilikipata mwaka 2025 tu. Halo 5 ya mwaka 2015 ilikuwa imekiacha kabisa, kwa kuwa watengenezaji walitaka fremu 60 kwa sekunde zisishuke. Biashara nayo ilichangia (sitaki kujifanya sikuliona hilo): tangu Xbox Live, huduma ya kucheza mtandaoni, ianze mwaka 2002, marafiki wanne wanaocheza kila mtu kwake hununua nakala nne, ilhali sebuleni ilitosha moja.

Kwa hiyo usiamini maneno "wachezaji wengi" yakiwa peke yake. Kwenye duka la Xbox tafuta `Xbox local multiplayer` au `Xbox local co-op`. Ukiona `Xbox online multiplayer` tu, pedi ya pili haitakusaidia. Hata maneno hayo mawili hayahakikishi kioo kugawanywa, kwani gemu za mpira na za kupigana hutumia kioo kimoja kizima. Anayetaka mgawanyo wenyewe atazame It Takes Two ya mwaka 2021, iliyobuniwa kwa watu wawili tangu mwanzo na haichezeki peke yako. Ndiyo niliyomnunulia mdogo wangu baadaye, na ile pedi ikapata kazi.