Kufupisha ujumbe wa kuomba ushirikiano: kutoka kurasa mbili hadi aya tatu

Swali: "Nauza asali ya Arua hapa Kampala. Nimewaandikia watengeneza maudhui saba wa mapishi ujumbe wa kurasa mbili nikiomba ushirikiano, na hakuna hata mmoja aliyejibu. Niufupishe vipi bila kupoteza mambo ya maana?"

Ndugu yangu, nakaanga na kuuza kahawa ya arabika mjini Mbale, na nilipitia hali kama yako kabla sijabadilisha namna ya kuandika. Baadaye binti wa shangazi yangu alianzisha chaneli yake ya YouTube, nikawa namsaidia kusoma barua pepe za wafanyabiashara kwa karibu mwaka mzima, na hapo ndipo nilipofahamu kwa nini ujumbe wangu wa zamani haukujibiwa. Urefu ulikuwa dalili tu. Tatizo lenyewe ni kwamba nilikuwa naandika kabla ya kuamua ninachotaka, kisha namwachia mpokeaji kazi ya kuniamulia.

Ujumbe wangu wa kwanza ulianza na historia ya mama yangu na miche yake ya kahawa, ukaendelea na aya ya kusifu "kazi yako nzuri inayotugusa sote", kisha aya ya kueleza kwamba ushirikiano ungekuwa na faida kwa pande zote mbili, na ukamalizika kwa kumwomba tukutane mjini tuzungumze. Niliambatanisha faili la PDF la kurasa 11 lenye uzito wa megabaiti 9. Usomaji wa upande wa pili ulinifunza kuuona ujumbe kama huo kwa jicho jingine. Mtu anausoma kwenye simu, kati ya kazi mbili, na anatafuta mambo machache: unataka nifanye nini, lini, utanilipa kiasi gani, na video ikishatoka utaitumia wapi. Katika maneno yangu yote hapakuwa na jibu hata moja kati ya hayo. Ili anijibu, ilimlazimu kwanza aniandikie maswali manne, na ombi la kukutana lilimtaka apoteze nusu siku katika foleni za Kampala kwa jambo asilolijua bado. Hata lile faili lilikuwa gharama kwake, kwa maana tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini kwetu hutozwa ushuru wa asilimia 12, na mtu anayepakia video kila wiki anajua bei ya kila megabaiti.

Kwa hiyo, kabla ya kukata neno lolote, chukua karatasi na uamue mambo hayo manne mwenyewe. Mimi ilinichukua jioni mbili, kwa sababu ilibidi nipige hesabu ya kiasi ninachoweza kulipa na nichague kama nataka video ya chaneli yake tu au pia ruhusa ya kuitumia kwenye ukurasa wangu. Nilipokwisha kuamua, ujumbe ulijifupisha wenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno ya zamani ilikuwa inafunika nafasi ya maamuzi ambayo sikuwa nimeyafanya.

Huu ndio ujumbe mpya niliomtumia mama mmoja wa Kampala anayepika kwenye YouTube kwa Kiswahili. Mada ya barua pepe ilikuwa "Video ya kahawa ya sufuria, Novemba, shilingi 600,000", na chini yake nikaandika hivi:

> Habari za leo, dada. Katika video yako ya chai ya tangawizi, dakika ya 6, ulisema watazamaji wanakuuliza jinsi ya kupika kahawa bila mashine. Mimi nakaanga arabika ya Mlima Elgon hapa Mbale, na tunaisaga mahsusi kwa sufuria. Ninaomba video moja ya dakika 4 hadi 6 kwenye chaneli yako, ukiipika kwa njia yako mwenyewe, itoke kati ya tarehe 10 na 25 Novemba.
>
> Malipo ni shilingi 600,000 kwa simu: nusu kabla ya kurekodi, nusu siku video itakapotoka. Ninaomba kuiona mara moja kabla haijatoka, ili nisahihishe bei na jina la bidhaa tu. Ninaomba pia kipande cha sekunde 30 kwa ukurasa wetu wa Instagram kwa miezi 3. Hatutakitumia kama tangazo la kulipia.
>
> Ukikubali, nijibu "ndiyo" nami nitatuma pakiti mbili uonje kwanza. Kama bei yako ni nyingine, niandikie kiasi tu. Kama haikufai, huna haja ya kujibu.

Chini nikaweka jina langu kamili, mtaa lilipo duka, namba ya simu na jina la ukurasa wetu. Usiyaache haya kwa kutaka ufupi. Niliwahi kutuma ujumbe wa mistari mitatu bila kujitambulisha, na mpokeaji akanijibu kwamba alidhani ni mtego wa matapeli, kwa kuwa mtu asiyejulikana anayeahidi fedha haraka ndivyo matapeli wanavyoanza. Ufupi unaotakiwa ni wa maelezo. Utambulisho lazima ubaki, tena uwe wa aina anayoweza kuuthibitisha kwa dakika moja.

Tazama sasa jinsi ile sentensi ya kwanza inavyofanya kazi. Haimsifu. Inataja jambo alilolisema mwenyewe, mahali alipolisema, na inaeleza kwa nini bidhaa yangu inajibu swali ambalo watazamaji wake wameshauliza. Njia rahisi ya kuipima ni kubadilisha jina la mpokeaji na kuweka la mtengeneza maudhui mwingine wa mapishi: ikiwa sentensi bado inaingia vizuri, basi haijalenga mtu yeyote. "Napenda sana video zako za chakula" inaingia kwa kila mpishi. "Dakika ya 6 ya video ya chai ya tangawizi" haiingii kwa mwingine. Ila lazima uwe umeitazama kweli. Wale ambao tulikuwa tukisoma barua zao walijulikana upesi kwamba hawakuitazama walipotaja kichwa cha video ambayo ndani yake mwenye chaneli alisema kinyume cha walichodhani.

Jambo la pili ambalo watu huliacha ni haki ya matumizi, na hili ndilo lilileta ugomvi mwingi niliouona. Kutengeneza video kwa ajili ya chaneli yake ni kazi moja. Kumruhusu mfanyabiashara aichukue sura yake na kuiweka kwenye matangazo ya kulipia ni kazi nyingine, yenye bei yake. Usipoitaja, mwenye uzoefu atadhani unaitaka bure milele, naye ama atakaa kimya ama atapandisha bei ili kujikinga. Ndiyo maana niliandika mahali, urefu na muda: Instagram, sekunde 30, miezi 3. Vivyo hivyo kwa marekebisho. Neno "mara moja, bei na jina tu" lilimwonyesha kwamba sitamrudisha jikoni kurekodi upya kwa sababu sikupenda rangi ya kikombe.

Alinijibu siku iliyofuata kwa mistari miwili: kwa shilingi 600,000 atafanya video bila kile kipande cha Instagram, na pamoja nacho ni 900,000. Nilichukua video peke yake. Majadiliano yaliishia hapo, na yaliwezekana kwa kuwa kila sehemu ya ombi ilisimama peke yake, akaweza kuondoa moja bila kuvunja nyingine. Ningekuwa nimeandika "tutakubaliana kuhusu malipo", tungeandikiana wiki nzima.

Kuhusu kutaja fedha, najua wengi huogopa kutaja kiasi kwanza wasije wakatoa kikubwa kuliko kinachohitajika. Mimi naona hasara hiyo ni ndogo kuliko ya kutojibiwa. Na kama huna fedha na unachotoa ni bidhaa, liseme hilo katika sentensi mbili za mwanzo, kwa mfano: "Sina bajeti ya fedha, ninachoweza kutoa ni chupa sita za asali, nawe uko huru kuionyesha au kutoionyesha." Usiliite ushirikiano kisha bidhaa itokeze kama malipo mwishoni. Mwenye wafuasi wachache anaweza kukubali. Anayeishi kwa kazi hiyo atakataa mara nyingi, na ni haki yake, lakini hutakuwa umempotezea muda.

Mahali pa kutuma pia pana uzito. Kwenye Instagram, ujumbe wa mtu ambaye mpokeaji hamfuati huingia katika sehemu ya maombi, ambayo wengi hawaifungui kwa siku nyingi. Wengi wenye chaneli za YouTube huweka barua pepe ya biashara kwenye maelezo ya chaneli. Anza na hiyo. Usipojibiwa, subiri siku kumi, kisha jibu juu ya barua ileile kwa sentensi moja ya kuuliza kama tarehe bado zinamfaa. Baada ya hapo acha. Nimeona mtu akifuatilia kwa barua pepe, WhatsApp na maoni ya hadharani kwa siku moja, akafungiwa kote.

Njia hii ina mpaka wake. Wenye watazamaji wengi huwa na meneja na orodha ya bei, na kwao ujumbe mzuri utakuletea tu ile orodha upesi zaidi. Tena, video ya kulipiwa kwenye YouTube inapaswa kuwekewa alama ya tangazo la kulipiwa, kwa hiyo usiombe ifichwe. Ombi hilo peke yake linatosha kumfukuza mtu makini.

Kwa asali yako, ningeanza hivi. Achana kwanza na wale saba, tafuta mmoja ambaye ameonekana akitumia sukari mahali ambapo asali ingefaa, au ambaye mtazamaji amemuuliza jinsi ya kutambua asali iliyochanganywa. Mada iwe na bidhaa, mwezi na kiasi. Aya ya kwanza itaje dakika ya video na video unayoiomba. Ya pili malipo, marekebisho na haki. Ya tatu jibu analoweza kulitoa kwa neno moja. Historia ya wafugaji wa nyuki wa Arua iache kabisa katika ujumbe huu, hata kama unaipenda, kwa sababu akishakubali atakuuliza mwenyewe wakati wa kuandaa video, na hapo ndipo itakuwa na kazi. Ukimaliza, jitumie ujumbe huo kwenye simu yako na uufungue: bila kusogeza skrini mbali, uone unachoomba na unacholipa. Kisha mpe ndugu asiyejua biashara yako asome mara moja, umnyang'anye simu na umuulize ni video gani, lini na kwa kiasi gani. Akikosea kimoja, rekebisha sentensi hiyo ndipo utume.