Sinia lisifike karoni na wali wake: taka za arusi ya watu 400 Lamu

Arusi ya kwanza niliyosimamia hapa Langoni, nilikodi mapipa makubwa manne ya lita 200 nikayapanga mlangoni mwa uwanja. Yalipendeza. Kufika saa tano usiku mawili yalikuwa yamejaa wali, mifupa, chupa na maji ya kunawa, vyote pamoja. Vijana sita walishindwa kuliinua hata moja. Vichochoro vyetu havipitishi gari, mkokoteni nao ulikwama kwenye ngazi. Asubuhi tulichota kwa koleo, na harufu ikabaki mtaani siku mbili. Niliona haya mbele ya majirani.

Kosa langu halikuwa uchache wa mapipa. Ndoo ya lita 20 ikijaa wali wa mabaki hukaribia kilo 15, kwa hiyo pipa la lita 200 hufika kilo 150. Tangu siku ile mabaki ya chakula siweki popote ila kwenye ndoo za lita 20 zenye mfuniko. Mtu mmoja anabeba, na punda anachukua mbili kila upande.

Jambo la pili, ambalo ndilo kubwa, ni mahali taka zinapochanganyikia. Si pipani. Ni pale sinia linapoondolewa mbele ya wageni. Kijana anayepakua ana haraka, zamu ya pili inasubiri, basi anatupia chupa na tishu juu ya wali na kulikimbiza sinia lote karoni. Huko anayeosha anamwaga vyote pamoja. Ukishafika hapo, kuchambua ni kuingiza mkono kwenye uchafu, na hakuna atakayekubali.

Kwa hiyo siku hizi naweka meza ya kukombea masinia katikati ya njia, baina ya jamvi la wageni na mahali pa kuoshea, na hakuna njia nyingine ya kupita. Chini ya meza kuna ndoo mbili: ya wali na ya mifupa. Kando yake limefungwa gunia la chupa, na kapu la tishu na vikombe lenye kifuniko, maana kusi ikivuma vikombe huruka mpaka pwani.

Chukua arusi ya watu 400. Kila sinia watu watano, hayo ni masinia 80, na kwa zamu mbili ni 40 kila mara. Wakombaji wawili, kila sinia likichukua sekunde 20, humaliza zamu kwa dakika saba hivi. Mkombaji mmoja hatoshi: foleni ikianza, vijana wataizunguka meza na mpango umekufa. Hao wawili walipe kama watu wa usafi, na waanze kazi chakula kinapoanza, si wageni wanapoondoka.

Chupa nazo zina siri yake. Mgeni hunywa robo tatu ya chupa ya nusu lita akaiacha. Chupa 400 za namna hiyo zina lita 50 za maji ndani, yaani kilo 50 za kubeba bure. Weka ndoo ya kumwagia kando ya gunia, na maji hayo yamwagie uwanja vumbi litulie. Gunia la kilo 90 hujaa kwa chupa mia na kidogo zisizokandamizwa, basi tayarisha manne au matano. Zamu ya kwanza ikiisha, libinue moja. Ukikuta punje za wali chini, meza imerukwa. Nenda ukaangalie nani anapita wapi.

Kwa mpishi, zungumza kabla ya kutoa arbuni. Mimi humwambia hivi: "Bwana mpishi, sinia lisilokombwa halioshwi, na baki ya pesa zako nakupa uwanjani, tukishautazama pamoja." Wengine hununa. Wapishi wazuri hukubali, kwa sababu karo lao halizibi tena. Pilau iliyobaki sufuriani bila kuguswa ni chakula, si taka. Igawe usiku uleule, kwani kwa joto letu haifiki asubuhi.

Wali wa masinia wapelekee wenye kuku, ukishahakikisha hauna mifupa wala plastiki. Punda usiwape. Wali mwingi kwa ghafla huwaumiza tumbo, na plastiki yenye harufu ya nyama wataila pia, ikawazibe matumbo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, lakini plastiki laini za kufungia vikombe na katoni za maji bado zinafika arusini.

Ndiyo maana kikosi cha usafi nakigawa. Wanne hufagia usiku, kisha wawili hurudi baada ya sala ya alfajiri, kunapoanza kupambazuka. Taa za uwanjani hazionyeshi vijiti vya meno na vipande vya nailoni vilivyonasa kwenye mchanga, na punda wa mtaa huanza kuzurura mapema.