Swali ambalo sitamuuliza tena mteja mwenye hasira

Blenda ilitua juu ya kaunta kwa kishindo mpaka kalamu zikaruka. Mama aliyeileta hakusalimia. "Siku tisa, kijana! Siku tisa tu, na inanuka moto." Mimi nauza vyombo vya umeme vya nyumbani, na siku hiyo nilikuwa najiona mzoefu. Nikafungua mdomo na kutoa swali baya kuliko yote: "Kwani mama uliitumiaje?"

Swali lenyewe si kosa kifundi. Fundi yeyote atataka kujua. Ila mtu aliyekuja amefura halisikii kama swali, anasikia kesi. Akanijibu papo hapo, "Kwa hiyo mimi ndiye mharibifu?" Sauti ikapanda, na wateja wawili waliokuwa wakichagua pasi wakageuka kututazama.

Nikatoka nyuma ya kaunta nikasimama upande wake. Nikasema, "Mama, nimeuliza vibaya. Blenda ya siku tisa haitakiwi kunuka moto. Hebu nieleze tangu mwanzo." Halafu nikanyamaza, nikachukua daftari nikawa naandika. Alizungumza kama dakika nne hivi, na mimi sikumkatiza hata pale alipokosea jina la kifaa. Hapo ndipo nilipojua kilichomuuma. Alikuwa na wageni. Blenda ilipowashwa ilitoa cheche, swichi kuu ikajizima, na nyumba nzima ikawa giza mbele ya watu aliowaalika. Kama ningempa blenda mpya dakika ile ya kwanza, angeondoka nayo pamoja na aibu yake.

Hapa nina neno kidogo na wauzaji wenzangu. Tuna mazoea ya kusema "pole" tukidhani tumeomba radhi. "Pole" inamwambia mtu kwamba umeona lililompata, hata jirani asiyehusika atamwambia hivyo. "Samahani" inakubali kwamba jambo limetoka kwako. Yule mama alihitaji yote mawili, na kila moja mahali pake: pole kwa ile aibu ya mbele ya wageni, na samahani kwa kumuuzia kitu kibovu. Nilipotaja wageni, mabega yake yalishuka kidogo.

Ndipo tukaigeuza blenda, yeye akiangalia. Usipeleke kifaa cha mteja mwenye hasira chumba cha nyuma, kwa sababu kila dakika anayosubiri atadhani unapanga la kumjibu. Chini ya jagi, pale mhimili wa visu unapopita, kuna mpira unaozuia maji yasishuke. Ukiwa na kasoro, maji hudondokea kwenye mota. Blenda iliyochoshwa na mtumiaji, yaani iliyojazwa kupita kiasi au kuachwa ikizunguka muda mrefu bila kupumzika, hunuka vanishi ya waya iliyoungua, lakini pale juu ya mota huwa pakavu. Hii ilikuwa na alama za maji yaliyokauka na kutu changa kuzunguka kiungio. Nikamwonyesha kwa kidole: "Haya maji yamepita kwenye mpira. Si wewe." Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo aliyoyafuata dukani, ingawa aliingia akidai hela yake.

Nikamuuliza anataka nini: nyingine, au fedha zake? Mwachie achague mwenyewe. Akasema nyingine, lakini kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Nikaleta boksi jipya kutoka stoo. Bahati tu, nikaamua kulifungua pale pale. Nikajaza jagi maji, nikaliweka juu ya gazeti, tukaendelea kuzungumza. Baada ya kama robo saa gazeti lilikuwa na duara la maji. Ile mpya nayo inavuja! Nilitaka ardhi inimeze. Nikatazama namba ya toleo chini ya boksi, ikawa sawa na ya kwanza. Nikaleta ya toleo jingine, tukaisubiri muda ule ule, gazeti likabaki kavu. Tukaiwasha na maji ndani, ikazunguka vizuri. Hapo ndipo nikaandika risiti mpya, na siku za dhamana zikaanza kuhesabiwa upya kuanzia siku ile.

Hebu fikiria ningempa lile boksi la kwanza likiwa limefungwa. Watafiti wa masoko wameandika tangu miaka ya 1990 kwamba mteja aliyetengenezewa kosa vizuri huweza kuridhika kuliko yule ambaye hakuwahi kupata tatizo. Watu hulipenda sana wazo hilo, ila husahau sharti lake: kosa la pili hulifuta. La kwanza mteja anaweza kuliita bahati mbaya. La pili, hasa likija ndani ya suluhisho lenyewe, analiita tabia yako. Kwa hiyo kifaa cha kubadilishia ndicho kinachostahili kukaguliwa kuliko vyote dukani. Mbadala ambao mteja ameshaondoka nao ukishindikana, usitafute mwingine. Rudisha fedha siku hiyo hiyo.

Jioni nilijaza maji majagi yote ya toleo lile yaliyobaki stoo, nikayapanga juu ya magazeti mpaka asubuhi. Yalikuwa kumi na moja, matatu yakavuja. Nikayaondoa yote kumi na moja, nikamwandikia msambazaji nikiambatanisha picha. Kisha nikafungua daftari la mauzo na kuwapigia walionunua toleo hilo, nikawaeleza namna ya kulijaribu jagi kwa maji na gazeti kabla ya kuwasha tena. Wengine walishangaa kupigiwa na muuza duka asiyewadai. Wawili walileta zao, wametulia kabisa. Hasira zilikuwa hazijazaliwa.

Yule mama nilimpigia siku ya nane. Niliichagua siku hiyo kwa makusudi, kwa sababu ile ya kwanza ilikufa siku ya tisa na nilijua atakuwa akiihesabu. Nilimuuliza mambo mawili tu: gazeti bado kavu? Inanuka? Nikamweleza pia kwamba malalamiko yake yameokoa nyumba nyingine. Sikumwambia habari ya bidhaa mpya wala punguzo. Simu ya kufuatilia ikigeuka ya kuuza, umeibomoa kwa mkono wako. Zawadi nazo nimejifunza kuzipima. Kubwa mno ikija mapema inafanana na hongo ya kumnyamazisha, na mtu ambaye hajasikilizwa haipokei kwa moyo.

Si kila anayefoka anabaki. Wapo wanaoleta kifaa kilichoangushwa ngazini wakaapa hakijaguswa. Hao nawaonyesha ufa, nawaambia gharama ya fundi, na sibishani juu ya nani kaangusha. Anayemtukana kijana wangu wa kaunta namhudumia mimi mwenyewe, haki yake anapata, lakini simbembelezi arudi.

Miezi kadhaa baadaye mama alirudi na binti yake kununua birika la umeme. Nilianza kulifunga kwenye boksi. Akaniwekea mkono juu ya kifuniko, akavuta gazeti la siku ile lililokuwa kaunta na kulitandaza.

"Lijaze maji kwanza, kijana. Tuna robo saa."