hs-CRP imetoka 12.4, nianze statini?

"Wakuu, nina miaka 47, nipo Arusha. Nimepima hs-CRP imetoka 12.4, LDL 3.1, presha iko poa, sukari sina, sivuti. Siku hiyo nilikuwa na mafua ila yanaisha. Nianze statini? Na chakula gani kinashusha CRP?"

Mkuu usimeze kitu! Hayo mafua uliyoyachomekea mwishoni ndo jibu lenyewe.

Mie mwaka juzi hapa Moshi gego la chini lilikuwa limevimba, nasukutua maji ya chumvi, huku nakimbilia ofa ya kupima moyo kwenye kimaabara fulani. hs-CRP, kile kipimo cha damu cha uvimbe mwilini, ikatoka 9.8. Jamaa akaniangalia kama fundi anayepima sanda, eti mishipa inaungua, anza rosuvastatini, statini ya kushusha kolesteroli, miligramu 20 leo leo. Hakuuliza kama kuna panaponiuma, na shavu limeumuka kama andazi, labda alidhani ndo nilivyozaliwa!

Nikaanza dawa, wiki ya pili nikang'oa jino. Mwezi wa tatu napima tena, 0.9. Aisee nilishangilia, nikawahubiria statini mpaka mashemeji. Miezi 11 nanunua vidonge, misuli ya mapaja inauma nasingizia mbege, hadi daktari wa moyo akauliza swali moja tu: jino ulitoa lini? Kimyaa. Akanipigia hesabu. Kwenye utafiti wa JUPITER wa 2008, dozi hiyo hiyo ilishusha CRP kama 37%, kwa hiyo 9.8 yangu ingefika 6 hivi. Iliyobaki yote ni jino. CRP inatoka kwenye ini kukiwa na moto popote mwilini, fizi, mkojo, mafua, hata ukitoka kukimbia marathoni, na chanzo kikiisha inapungua nusu ndani ya saa 19 hivi.

Ndo maana ikizidi 10 haisomwi kama habari ya moyo kabisa, unatafuta ugonjwa kwanza. Pona, kaa wiki mbili tatu ukiwa mzima, pima, rudia baada ya wiki mbili, chukua wastani.

Na hata wastani ukiwa juu, kwanza daktari akukokotolee hatari ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Mwongozo wa Marekani wa 2018 uliiweka CRP ya 2 na kuendelea kama kitu cha kukusukuma uanze pale hatari yako iko katikati, 7.5% hadi chini ya 20%. Yangu ilikuwa 3%, akanitoa kwenye dawa. Ila ikitoka ndogo pia usijitape, maana JUPITER haikuchukua watu wa CRP ndogo hata mmoja, haiwezi kukwambia wao dawa haiwafai. Mwenye kisukari wa umri wako anaanza tu, CRP isome isisome.

Hesabu wiki zako kuanzia siku pua itakapokauka. Na kabla hujalipia tena hebu simama kwenye kioo ufungue mdomo, minya fizi moja moja.