Kuhamishia folda ya modi diski nyingine bila mchezo kuipoteza

Swali: Diski C imejaa, nikahamisha folda ya Mods ya The Sims 4 kwenda D:\Sims4\Mods na kuacha njia ya mkato pale ilipokuwa. Sasa mchezo hauoni modi hata moja. Nifanyeje?

Jibu: Modi zako ni salama, ila njia ya mkato haiwezi kufanya kazi hiyo. Ni faili dogo la .lnk linaloeleweka unapolibofya mwenyewe. Mchezo ukilikuta unaona faili tu, si folda. Unahitaji kiungo kilichoandikwa ndani ya mfumo wa faili wenyewe. Hapo Windows huupeleka mchezo kwenye D, nao hudhani bado uko C.

Funga mchezo na ufute ile njia ya mkato. Huenda mchezo umeshajiundia folda mpya ya Mods, na mklink, amri inayounda kiungo hicho, hukataa ikikuta jina limeshatumika, kwa hiyo ibadilishe jina kwanza. Fungua Command Prompt (PowerShell haiitambui mklink) uandike:

```
cd /d "%USERPROFILE%\Documents\Electronic Arts\The Sims 4"
ren Mods Mods_tupu
mklink /J Mods "D:\Sims4\Mods"
```

Ikiwa hakuna folda ya Mods hapo, ruka mstari wa pili. Ikiwa Documents yako inasimamiwa na OneDrive, njia ya mstari wa kwanza itakuwa tofauti. Inakili kutoka upau wa anwani. Jina la kiungo hutangulia, mahali halisi hufuata, na wengi hukwama kwa kuvigeuza.

Kisha andika `dir`. Ukiona mstari huu, kazi imekubali:

```
<JUNCTION>     Mods [D:\Sims4\Mods]
```

Nimechagua /J kwa sababu haidai ruhusa ya msimamizi na inatosha kwa diski iliyo kwenye kompyuta yako. /D huunda kiungo cha ishara chenyewe, kinachoweza kuelekea hata folda ya mtandao, lakini kwa kawaida lazima ufungue Command Prompt kama msimamizi.

Kama D ni diski ya nje, angalia herufi yake. Siku ikichomekwa ikapewa E, kiungo kitabaki pale pale kikielekea pasipo na kitu, na modi zitatoweka tena mchezoni. Ipe herufi ya kudumu katika Disk Management.

Zingatia sana hili: faili ni zile zile, zimepata tu mlango wa pili. Ukifuta modi ukiwa C, imefutika D. Siku ukitaka kuondoa kiungo, tumia `rmdir Mods` bila nyongeza yoyote. Huondoa kiungo na kuacha modi. Usitumie `del Mods`, maana hiyo hupitia kiungo na kufuta faili zilizoko D. Folda ya saves unaweza kuihamisha kwa namna hii hii, ila weka nakala yake pembeni kabla hujaanza.