Gari la halmashauri lililo juu ya mawe: maswali yenu kuhusu rejista na mnada

"Gari letu la SM limesimama uani tangu injini ilipokufa. Rejista inaonyesha thamani sifuri. Si tulifute tu?" (Mtunza stoo, Moshi)

Hapana, ndugu yangu. Sifuri maana yake gharama yote imeshagawanywa kuwa uchakavu wa miaka iliyopita. Gari bado ni mali ya halmashauri na lina gia, tairi na chuma cha kuuza. Hubaki kwenye rejista, likiwa na namba ya chasisi, mahali lilipo na hali yake, mpaka liuzwe au liteketezwe kwa kibali. Andikeni wazi "halitumiki". Na msisimamishe kukokotoa uchakavu kwa gari lenye thamani iliyobaki eti kwa sababu limeegeshwa. Viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS, haviruhusu. Kama limeharibika, pimeni pia kama thamani yake imeshuka chini ya ile ya vitabuni.

Fundi alikague, mthamini aweke bei ya chini, kisha taarifa ipite Kamati ya Fedha na Baraza la Madiwani, na kibali kipatikane kabla ya mnada kutangazwa. Linaloniuma ni kasi: kila msimu wa mvua unaopita, kinachouzwa kinapungua. Orodhesheni vipuri siku ya ukaguzi na mpige picha. Betri ikitoweka kabla ya mnada, mtajua ilipotea mikononi mwa nani.

"Tumeuza gari kwa milioni 11. Mhasibu ameingiza zote kuwa mapato. Amekosea?" (Mkaguzi wa ndani, Arusha)

Amekosea, na ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi. Tuseme lilinunuliwa kwa milioni 90 na uchakavu uliokusanywa ni milioni 72. Vitabuni lilibaki na milioni 18. Ondoeni milioni 90 kwenye gharama, ondoeni na milioni 72 kwenye uchakavu, pokeeni fedha milioni 11. Tofauti, milioni 7, ni hasara ya mauzo. Mkiingiza milioni 11 peke yake, mapato yanavimba na gari lililoshaondoka linaendelea kuhesabiwa kuwa mali yenu. Utaligundua kwenye zoezi la kuhesabu mali: mstari upo, gari hakuna wa kukuonyesha. Hakikisheni pia namba za SM zimevuliwa na umiliki umehamishiwa mnunuzi kule TRA, maana likigonga mtu kesho, kadi itawataja ninyi.

"Nyumba ya zamani ya mtumishi pale mjini imebomoka. Tunaiondoaje?" (Diwani)

Mheshimiwa, ondoeni jengo, kiwanja kibaki. Ni mistari miwili tofauti kwenye rejista: jengo huchakaa, ardhi haichakai. Wengi wameziandika pamoja, na jengo linapofutwa kiwanja kinafutika nalo, kisha mtu anajenga uzio na halmashauri haina kumbukumbu ya kumpinga. Anzeni kwa afisa ardhi: hati na ramani ya upimaji. Bila hivyo, msitangaze kukiuza. Mnunuzi hatapata cha kuhamishiwa.