Babu, mjukuu na alama ya mpira mchangani

Maji yamekupwa ufukweni Malindi, jua limeshapinduka, na mjukuu wa miaka saba amelishika gongo la kriketi kama watu wanavyoshika jembe: mkono mmoja juu kabisa ya mpini, wa pili chini, na kati yake shubiri nzima. Babu hamkosoi. Anasimama hatua sita mbele yake na kumrushia mpira wa tenisi polepole, mkono ukipita chini ya kiuno. Mtoto anafyeka, mpira unakwaruza ukingo wa gongo na kupaa nyuma, naye macho yako baharini.

"Babu, umekwenda wapi?"

Makosa hapo ni mawili, na la kwanza ndilo linalozaa la pili. Mikono ikiachana, mkono wa chini hubeba kazi yote. Mkono huo ukivuta kwa nguvu, bega lake huja mbele, kifua hufunguka, na kichwa hufuata kifua. Ndiyo maana kumwambia mtoto "tazama mpira" kabla ya kumrekebisha mikono hakusaidii. Yeye anataka kutazama, ila mwili wake unamgeuza.

Kwanza hakikisha gongo linamfaa. Alisimamishe kando ya mguu: kilele cha mpini kifike kwenye nyonga, si tumboni. Kisha alinyooshe mbele kwa mkono mmoja, ule utakaokaa juu, akihesabu mpaka kumi. Likianza kuinama kabla ya kumi ni zito, na gongo zito humlazimisha mtoto kutumia nguvu za mkono wa chini, yaani kosa lile lile tunalotaka kuliondoa. Kwa umri huu ni heri ubao mwepesi wa msonobari uliochongwa na seremala, mpini ukazungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kuliko gongo la mtu mzima alilorithi kwa mjomba.

Sasa mshiko. Gongo lina uso bapa unaopiga mpira na mgongo ulioinuka katikati. Babu analilaza mchangani, uso chini, mgongo juu, mpini ukimwelekea mtoto.

"Haya, mume mwenzangu, liokote kama unaokota shoka unataka kupasua kuni. Mikono miwili, kwa pamoja."

Kwa mtoto anayetumia kulia, mkono wa kushoto unakaa juu na wa kulia chini yake, ikigusana au ikiachana kwa upana wa kidole. Wengi huona ajabu mkono dhaifu kupewa nafasi ya juu, lakini huo ndio unaoongoza gongo. Wa kulia unasindikiza tu. Akishaliokota, tazama panda iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada katika kila mkono. Panda zote mbili zifuatane kwenye mstari mmoja, nao mstari huo upite kati ya katikati ya mgongo wa gongo na ukingo wake wa nje. Panda moja ikigeukia kwingine, uso wa gongo utapinda wakati wa kupiga, na mpira utakwenda pembeni hata akiupata vizuri.

Kukaza je? Mkono wa juu ushike barabara. Wa chini ushike kwa kidole gumba na vidole viwili vya kwanza, vingine vikilala tu juu ya mpini. Kuna njia rahisi ya kupima: mtoto akiwa amesimama tayari, babu anauvuta mkono wa chini kwa vidole viwili. Ukitoka bila kushindana, sawa. Ukigoma, mwambie auachie kabisa na apige mipira sita kwa mkono wa juu pekee. Mipira hiyo haitafika mbali, ila itakwenda mbele imenyooka, na mtoto mwenyewe atauona mkono upi unaongoza. Akiurudisha wa chini, mara nyingi hurudi mwepesi.

Tuje kwenye macho, na hapa ndipo ufukwe wa maji kupwa unapoushinda uwanja wa nyasi. Tafuta mchanga uliolowa lakini umeshikamana, kisigino kisizame zaidi ya ukucha. Dondosha mpira kutoka kifuani. Ukiruka kufika gotini, mahali panafaa. Ukijifia, sogea upande wa maji, lakini usiende mpaka penye kumetameta, kwa kuwa mpira ukinywa maji unakuwa mzito na haupandi tena. Pangeni mchezo kufuata urefu wa pwani. Malindi inatazama mashariki, hivyo asubuhi jua linatoka baharini na alasiri linashukia nyuma ya mji, na nyakati zote mbili litakuwa ubavuni mwa mtoto, halitamwingia machoni.

Mtoto anasimama ubavu ukimwelekea babu, kidevu juu ya bega la mbele, macho yote mawili yakiwa usawa mmoja kama maji ndani ya beseni. Kichwa kikilala upande, hukosea kukadiria mpira utapita wapi. Babu anarusha mpira udunde mara moja, kama hatua mbili mbele ya mtoto. Na kwenye mchanga ule, kila mdundo unaacha duara ndogo iliyobonyea, safi kama muhuri.

Duara hiyo ndiyo mwalimu. Mtoto akishapiga, haruhusiwi kutazama mpira ulikokwenda. Aonyeshe kwanza kwa ncha ya gongo mahali ulipodunda. Mara ya kwanza mjukuu wetu anababaika, anaonyesha alama ya mpira uliotangulia.

"Hiyo ya zamani, babu. Mpya iko wapi?"

Kwa hiyo babu anafuta alama zote kwa wayo kila baada ya mpira, ili ibaki moja tu. Asipofanya hivyo mtoto atabahatisha.

Zoezi hili lina sababu. Michael Land na Peter McLeod, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, walipima macho ya wapigaji wa kriketi wakikabili mpira wa kasi. Waliona kwamba macho hayaufuati mpira safari nzima. Huutazama unapotoka, kisha huruka mbele kwenda kuungojea pale utakapodunda, na mpigaji hodari huruka mapema kuliko mwanagenzi. Kumwambia mtoto "usiuache hata nukta" ni kumpa kazi isiyowezekana mpira ukishakuwa wa kasi. Mpe vituo viwili: mkono wa babu, halafu mahali pa kudunda. Kwa mpira wa polepole anaweza kuongeza cha tatu, pale mpira unapokutana na gongo.

Ili kujua kama kituo cha kwanza anakitazama kweli, paka nusu ya mpira wino wa kalamu nene na umuulize rangi iliyotangulia mkononi. Akikosea kila mara, basi anatazama uso wa babu. Watoto wengi hufanya hivyo, maana ndio uso waliouzoea.

Mipira thelathini inatosha kwa siku, ukimpumzisha kila baada ya sita. Mkono wa chini ukichoka huanza kukaza tena, na utaligundua hilo mpira unapoanza kupaa badala ya kutambaa. Hapo acheni, hata kama yeye bado anataka.

Siku atakapoonyesha alama sahihi mara tano katika mipira sita, na mpira ukipita chini chini kumrudia babu, babu arudi nyuma hatua mbili. Asiongeze kasi kwanza. Aongeze umbali tu. Mpira mgumu wa ngozi, wenye uzito wa gramu 156 hadi 163, usiingie kabla ya kupatikana kofia ya chuma, glavu na pedi za miguu.